Anataka kuniuzia hisa, mimi nataka malori

Shikamoo mzee. Mimi nina Fuso mbili za kubebea mizigo hapa Dodoma. Kuna mzee mmoja anastaafu, ana kampuni ya usafirishaji yenye malori matano na matrela yake, yadi aliyoinunua mwaka 2011, na mkataba wa kusambaza saruji ambao ndio unanivutia zaidi. Bei yake ni milioni 700 na anasema kampuni haina deni. Tumeshakubaliana bei, tunakwama kwenye namna. Mimi niliona ninunue malori, yadi na mkataba, basi. Yeye hataki kusikia. Anasema nichukue hisa zote 100 kwa 100, kwani kwake kodi ni asilimia 10 tu, na kwangu ni rahisi maana kila kitu kinabaki jina lilelile. Mhasibu wake ameshaandika rasimu ya mkataba, inasema "kila upande utalipa kodi zake kwa mujibu wa sheria." Anataka nimpe advansi ya milioni 50 kabla ya Ijumaa. Je, kuna tofauti gani kwangu kikodi? Na nitoe hiyo advansi?

Mwenye Fuso Mbili, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu.

Huyo mzee hakudanganyi. Kwake kodi ya kuuza hisa ni asilimia 10 ya faida kweli, na kwako kila kitu kitabaki na jina lilelile kweli. Kuna kodi ya tatu ambayo hakuitaja, na huenda hata yeye haijui. Haitozwi kwake wala kwako, inatozwa kwenye kampuni yenyewe, na siku itakapodaiwa kampuni itakuwa yako. Kwa makadirio yangu ni karibu milioni 147. Nitakuonyesha inatoka wapi.

Tuanze na njia yako, ya kununua mali. Hapo muuzaji si yule mzee, ni kampuni yake. Nimezigawa milioni 700 kwa kukisia: malori na matrela 400, yadi 200, na 100 zilizobaki ni jina, wateja na ule mkataba wa saruji. Ukipata makadirio ya mthamini utabadilisha tarakimu, mwendo wa hesabu ni uleule.

Malori ya kampuni hayahesabiwi kodi kwa bei yaliyonunuliwa. Kila mwaka sheria inaruhusu kampuni kukata uchakavu, na malori makubwa yako kwenye kundi linalokatwa asilimia 25 ya thamani iliyobaki. Tuseme baada ya miaka yote hiyo thamani iliyobaki kikodi ni milioni 160. Yakiuzwa kwa 400, kampuni imepata faida ya 240. Yadi tuseme ilinunuliwa kwa milioni 50. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 unajua mwenyewe viwanja vimefika wapi, kwa hiyo kwa bei ya 200 faida ni 150. Jina na wateja kampuni haikuvinunua popote, basi 100 yote ni faida. Jumla ni milioni 490, na kodi ya kampuni ni asilimia 30, yaani milioni 147.

Kampuni inabaki na 553 mkononi. Lakini fedha hizo bado ni za kampuni. Mzee akitaka zimfikie mfukoni, kwanza anarudisha mtaji wake, tuseme milioni 50 alizoweka mwanzo, na 503 zinazobaki zinatoka kama gawio lenye kodi ya zuio ya asilimia 10. Hiyo ni milioni 50.3. Mwisho wa safari anashika milioni 502.7.

Njia yake sasa, ya hisa. Muuzaji ni yeye mwenyewe. Anauza kwa 700 kitu alichokigharimia 50, faida 650, kodi ya asilimia 10 ni 65, anaondoka na 635. Linganisha na 502.7. Tofauti ni zaidi ya milioni 132, na ndiyo sababu hataki kusikia habari ya malori. Mimi ningekuwa yeye nisingetaka pia.

Ingekuwa mwisho wa habari ni hapo, ningekwambia umpe hisa, mgawane hiyo tofauti, muende nyumbani. Lakini kuna kifungu cha 56 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, ambacho kilikazwa katika marekebisho ya 2012. Wengi wanakijua kwa habari za makampuni ya simu na ya migodi kubadilisha wamiliki huko ng'ambo, wakadhani hakiwahusu wenye malori. Kinawahusu. Kinasema hivi: umiliki wa kampuni ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50, ukilinganisha na ulivyokuwa wakati wowote ndani ya miaka 3 iliyotangulia, kampuni inahesabiwa kwamba imeuza mali zake zote na madeni yake yote muda mfupi kabla ya mabadiliko hayo, kwa bei ya soko. Hakuna lori lililotoka getini wala shilingi iliyoingia benki, ila kodi inadaiwa kana kwamba vyote vimeuzwa.

Sasa pitia upya hesabu ya kwanza. Malori yanahesabiwa yameuzwa kwa 400, yadi kwa 200, na jina nalo. Faida ni ileile 490, kodi ni ileile 147. Ila safari hii mwenye kampuni ni wewe. Umemlipa mzee 700, halafu kampuni yako inadaiwa 147, kwa hiyo umenunua kwa 847 kitu ambacho kwa njia ya mali ungekinunua kwa 700.

Kuna nusu ya faraja. Kwa kuwa sheria inaichukulia kampuni kama iliyouza na kuzipata upya mali zake kwa bei ya soko, malori yanaanza kukatwa uchakavu kutoka 400 badala ya 160. Asilimia 25 ya 400 ni 100, na kila milioni 100 ya uchakavu inaiokolea kampuni milioni 30 ya kodi mwaka huo wa kwanza, badala ya 12 ambazo ingeokoa kwa thamani ya zamani. Lakini faida hiyohiyo ungeipata ukinunua malori moja kwa moja kwa 400, bila kulipa 147. Kwa hiyo usikubali mtu akuuzie uchakavu huo kama zawadi.

Fanya hesabu moja zaidi, na hii ndiyo ningependa ukakae naye mezani mkaifanye pamoja. Chukua 700, toa deni la 147, hisa zinabaki na thamani ya 553. Mlipe hiyo. Faida yake inakuwa 503, kodi asilimia 10 ni 50.3, anaondoka na 502.7. Ni tarakimu ileile, hadi nukta, aliyoipata alipouza mali na kugawa gawio. Haikutokea kwa bahati: gawio linakatwa asilimia 10 na faida ya hisa inakatwa asilimia 10, na ile 30 inatozwa kwenye kampuni kwa njia zote mbili. Kwa hisa zote za kampuni ya mtu binafsi mkazi wa Tanzania, Serikali inakusanya karibu kiasi kilekile mkipita mlango wowote. Kinachobadilika ni nani anashika hundi ya 147 wakati inapodaiwa.

Kwa hiyo mzee anaposema 635, anahesabu fedha ambazo sheria haikumpa. Zinatoka kwako. Usimwambie hivyo kwa ukali, ni mtu mzima na ameijenga kampuni hiyo kwa miaka, mwonyeshe karatasi. Pengine mtakutana katikati. Mkikubaliana hisa kwa 625, kwa mfano, atalipa kodi 57.5 na kushika 567.5, na wewe gharama yako yote itakuwa 772. Hapo mmegawana mzigo mkijua mnachogawana, na hilo ni jambo la biashara, si la kodi.

Turudi kwenye ile sentensi ya mhasibu wake, "kila upande utalipa kodi zake kwa mujibu wa sheria." Inasomeka kama haki tupu. Lakini kwa mujibu wa sheria kodi ya kifungu cha 56 si ya upande wowote kati ya pande zenu mbili. Ni ya kampuni, na kampuni haiko kwenye mkataba ule kama mlipaji. Ukiisaini hivyo, siku ukienda kumdai mzee atakuonyesha sentensi hiyohiyo na atakuwa na hoja. Nimeona rasimu nyingi za aina hii, na wanaoziandika kwa kawaida si wezi. Wamenakili mkataba wa kuuza kiwanja wakabadilisha neno kiwanja wakaweka hisa.

Tatizo la pili ni wakati. Kodi ya mzee ya asilimia 10 itadaiwa haraka, kwa sababu BRELA haitabadilisha majina ya wanahisa bila kuona ushahidi wa TRA kwamba kodi na ushuru wa stempu vimelipwa. Ushuru huo ni asilimia 1 ya thamani ya hisa, milioni 7 kwa bei yake, na kwa mazoea anaulipa mnunuzi. Mtapata karatasi zote, mtapiga picha, mtadhani mmemaliza. Ile 147 inaingia kwenye ritani ya kampuni ya mwaka wa mabadiliko, ambayo inawasilishwa ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa hesabu kuisha. Asipoijaza mtu hapo, itaibuka siku mkaguzi atakapolinganisha orodha ya wanahisa na ritani, pamoja na riba na adhabu. Wakati huo mzee yuko shambani na fedha ziko kwenye nyumba za kupanga.

Na msije mkafikiria kuandika bei ndogo kwenye mkataba. Kifungu kinazungumzia bei ya soko, si bei mliyoandika, na TRA wanaweza kuthamini hisa na mali wenyewe. Yadi ina majirani waliouza, malori yana soko linalojulikana. Mahali pekee penye ubishi wa kweli ni ile milioni 100 ya jina na wateja, kwa kuwa haiko kwenye vitabu. Mhasibu atakwambia haihesabiwi. Mkaguzi atakuuliza kama haina thamani, kwa nini ulilipa 700 kwa mali za 600. Mimi ningeiweka kwenye hesabu ya tahadhari, kisha nikaishindania baadaye ikibidi.

Kuhusu jina na wateja kuna jambo jingine, na hili linakuhusu hata ukinunua mali. Sheria yetu imeliondoa waziwazi jina la biashara kwenye mali zinazokatwa uchakavu, pamoja na ardhi na hisa zenyewe. Maana yake milioni 100 utakazomlipa kwa jina hazikupunguzii kodi hata senti, hadi siku utakapouza na wewe. Milioni 100 zikiwa kwenye malori zinakatwa kuanzia mwaka wa kwanza. Kwa upande wa kampuni yake hakuna tofauti kubwa, kwani faida ya lori na faida ya jina zote zinakutana na asilimia 30. Ndiyo maana mgawanyo wa bei ni sehemu ambayo wewe unaweza kupata bila yeye kupoteza. Mtafute mthamini wa magari, na kama malori na matrela kwa haki yana thamani ya 430, yaandikwe 430 na jina libaki 70. Nasema kwa haki. Lori la milioni 80 lililoandikwa 130 litawarudisha palepale kwenye bei ya soko.

Njia ya mali nayo ina maumivu yake, na ni vizuri uyajue kabla hujambana mzee.

La kwanza ni VAT. Kampuni ya usafirishaji yenye mkataba wa saruji bila shaka imesajiliwa VAT. Ikikuuzia malori ya milioni 400, asilimia 18 ni milioni 72 juu yake. Sheria ya VAT ya 2014 inao utaratibu wa biashara inayouzwa ikiwa inaendelea, pale ambapo mnunuzi anachukua vyote vinavyohitajika kuiendesha bila kusimama, lakini utaratibu huo si wa mtu asiyesajiliwa. Wewe na Fuso zako mbili yawezekana hujafika kizingiti cha mauzo ya milioni 200 kwa mwaka. Basi fungua kampuni yako, isajili VAT kabla ya kusaini, na mkataba useme kwa maneno kwamba kinachouzwa ni biashara nzima inayoendelea. Hata mkishindwa masharti, ukiwa umesajiliwa utaidai hiyo 72 kwenye ritani zako. Ila kulipa leo na kudai kesho kunahitaji fedha za kukaa nje, na benki hawakopeshi kwa huruma. Mnunuzi asiyesajiliwa hana pa kuidai. Imekwenda.

La pili ni yadi. Kuhamisha hati kunahitaji kibali cha ardhi, uthamini, ushuru wa stempu wa asilimia 1, yaani milioni 2, na kodi ya awali ya asilimia 10 ya faida ya kiwanja, hapa milioni 15, inayolipwa na kampuni inayouza kabla hati haijabadilishwa. Mzee akiona hiyo 15 atasema kumbe kodi zimeongezeka. Hazijaongezeka. Inakatwa ndani ya ile 147 mwisho wa mwaka.

La tatu ndilo linaloweza kuamua kila kitu: mkataba wa saruji. Mkataba hauhami kwa sababu wewe na mzee mmekubaliana. Mwenye saruji lazima akubali kuandikiana upya na wewe. Uombe uusome wote, hasa kurasa za nyuma. Watu hudhani ukinunua hisa mkataba uko salama, na mara nyingi ni kweli, lakini makampuni makubwa hupenda kuweka sharti kwamba wenye kampuni wakibadilika wanaweza kuuvunja. Likiwemo sharti hilo, faida kubwa ya hisa imekufa, kwa kuwa utahitaji barua ya mwenye saruji kwa njia zote mbili. Leseni za LATRA za malori nazo utaziomba upya kwa jina lako, na madereva utawaajiri upya. Wale waliomaliza mwaka na zaidi wadai kiinua mgongo chao kwa kampuni ya zamani, siku 7 za mshahara kwa kila mwaka kamili, isizidi miaka 10. Hilo mlizungumze kwenye bei, vinginevyo litakuja kwako kwa njia ya mgomo.

Mimi kwa maelezo uliyonipa ningenunua mali. Kama kodi inakaribiana kwa njia zote mbili, kinachobaki kupimwa ni usichokijua, na kwenye hisa usichokijua ni kingi. "Haina deni" ya mzee ina maana hadaiwi benki. Kampuni ya malori inaweza kudaiwa na watu ambao bado hawajagonga mlango. Dereva anayelipwa sehemu kubwa ya pato lake kama posho ya safari mkononi, je, PAYE na NSSF zilihesabiwa kwenye nini? Malori ya kukodi wakati wa msimu, je, alikata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwa wenye malori hayo na kuipeleka? Asipokata, deni ni la kampuni. Ukinunua malori, maswali hayo yanabaki kwake. Ukinunua hisa, wewe ndiye utakayeyajibu.

Na kabla ya yote hayo, omba kadi za malori na hati ya yadi uzione kwa macho yako. Katika biashara hii ni kawaida sana kukuta kampuni inayosifiwa ina malori matano, kumbe mawili yako kwa jina la mzee mwenyewe, moja la mkewe, na kiwanja kiliandikwa kwa jina la mwanawe kabla kampuni haijazaliwa. Ukinunua hisa za kampuni hiyo umenunua malori mawili na stempu. Pia jedwali lote la uchakavu tulilotumia juu linakuwa batili, kwa sababu gari lisilo la kampuni halikustahili kukatwa uchakavu na kampuni, na hilo nalo ni deni jingine linalosubiri.

Hisa ningezichukua katika hali mbili. Moja ni kama mwenye saruji anasema waziwazi haandiki mkataba mpya ila ataendelea na kampuni ileile. Basi nunua hisa, lakini kwa bei iliyokatwa kodi ya kifungu cha 56, na mkataba utaje kifungu hicho kwa namba, useme kodi yoyote ya kampuni ya kipindi cha kabla ya kukabidhiana inamrudia muuzaji, na sehemu ya fedha ishikiliwe na wakili hadi ritani ya mwaka huo iwasilishwe na kodi yake ilipwe. Sehemu hiyo isiwe ndogo kuliko kodi yenyewe, la sivyo unashikilia karanga kumdai mtu ng'ombe.

Ya pili ni kuingia kama mbia. Ukichukua asilimia 50 au pungufu, kifungu hakiguswi. Nusu ya hisa kwa 350, gharama yake kwenye nusu hiyo ni 25, analipa 32.5 na ile 147 haizuki kabisa. Kuna watu wanaonunua nusu leo na nusu nyingine baada ya miaka 3 kupita. Kihesabu inakaa. Ila kama mkataba wa leo tayari umepanga bei na tarehe ya nusu ya pili, TRA wana kifungu cha kuzuia mipango ya kukwepa kodi na watausoma kama mauzo ya siku moja. Na kwa miaka yote hiyo utaendesha kampuni na mzee aliyetaka kustaafu, kila mmoja akiwa na nusu ya kura, malori yakiendelea kukatwa uchakavu kwa thamani ya zamani. Kwako siipendi. Ingekuwa anakulea kwenye biashara na hana haraka, ningesema vingine.

Angalizo moja kwa wasomaji wengine: asilimia 10 ninayoitumia hapa ni ya mwenye hisa ambaye ni mtu binafsi mkazi. Muuzaji akiwa kampuni, au mtu asiye mkazi, faida ya hisa inakatwa asilimia 30, na mlinganyo wote wa hapo juu unavunjika. Njia ya hisa inakuwa ghali zaidi kwa wote wawili. Na wa Kenya msichukue tarakimu zangu, kwenu faida ya mtaji ni asilimia 15 tangu Januari 2023.

Advansi ya Ijumaa usitoe kwa mkataba huo. Kama unaogopa atampa mtu mwingine, mpe kiasi kidogo kupitia kwa wakili, kwa barua ya ukurasa mmoja inayosema fedha inarudi yote ikiwa ndani ya siku 30 hutaridhika na vitu vitatu: kadi na hati zote zikiwa kwa jina la kampuni, mahesabu ya kodi ya miaka 5 pamoja na jedwali la uchakavu lililoambatanishwa kwenye ritani, na barua ya mwenye saruji. Jedwali hilo uliombe kutoka kwenye ritani ya TRA, si kutoka kwenye vitabu vya mhasibu, kwa sababu uchakavu wa vitabuni huwa unafuata kanuni nyingine na unaweza kukuonyesha malori yamebaki na thamani ya 300 wakati kikodi yamebaki na 160. Ukilipata, weka tarakimu halisi mahali pa zangu, upige hesabu ya 553 upya, ndipo umpigie simu mzee.